Kabla hujapiga Windows upya, hakikisha faili la data unalokopi ndilo lenyewe

Data ya duka inaweza kupotea huku faili lake likiwa linaonekana kwa macho. Unafungua C:\Program Files (x86), unaingia kwenye folda ya programu ya mauzo, na faili la data limekaa pale pale ulipolitarajia, jina ndilo, aikoni ndiyo. Fundi analikopi kwenye flashi, anapiga Windows upya, anainstoli programu, anarudisha faili mahali pake. Programu inafunguka vizuri kabisa, ila haina mauzo. Bidhaa zilizomo ni zile chache za mfano zilizokuja na programu siku ya kwanza. Flashi haikuharibu kitu na fundi alikopi alichokiona. Faili la kweli lilikuwa kwingine, na diski ilipofomatiwa likaenda nalo.

Nafanya kazi za kompyuta hapa Tanga, na wateja wangu wengi ni maduka ya Ngamiani na Makorora. Karibu kila duka lina programu ndogo ya stoo na mauzo iliyoandikwa zamani na kijana fulani ambaye sasa yuko Dar au kahamia kazi nyingine kabisa. Programu hizo hazina kitufe cha bakapu. Hazina kitabu cha maelekezo. Zinafanya kazi kila siku, na mwenye duka hana haja ya kujua data inakaa wapi mpaka siku mashine inapoanza kukwama. Ndiyo maana nataka kueleza kazi moja tu kwa undani, ya duka la vifaa vya ujenzi lililoko kwenye barabara mojawapo ya zile zenye namba pale Ngamiani, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu kinachomnasa mtu kwenye jambo hili.

Mashine ni ya mezani, ina diski ya zamani ya kuzunguka, na ilikuwa inachukua muda mrefu mpaka kufunguka. Mzee mwenye duka alitaka diski mpya ya SSD na Windows safi. Akaunti za Windows zilikuwa mbili: Duka, anayotumia binti wa kaunta mchana kutwa, na Bosi, anayoingia Mzee mwenyewe jioni kubadilisha bei. Programu nitaiita Stoo. Imeandikwa kwa Visual Basic 6, na data yake ni faili moja la Access liitwalo stoo.mdb.

Nilipofika, binti alikuwa na hofu. Kuna fundi mwingine aliwahi kuitwa, akafungua programu, akasema data imeshafutika na hakuna cha kuokoa. Lakini yeye binti asubuhi ile ile alikuwa ameuza nondo na misumari, na risiti zimetoka.

"Kaka, mimi nimeuza leo hapa hapa. Imefutika vipi?"

Hoja yake ilikuwa na nguvu kuliko kauli ya fundi. Kama programu inakumbuka mauzo ya asubuhi, basi kuna faili mahali fulani ndani ya diski hii lililoandikwa asubuhi. Kazi ni kulitafuta kwa tarehe na ukubwa wake. Jina la folda na mahali linapotakiwa kuwa havithibitishi kitu.

Nikaingia kwanza kwenye C:\Program Files (x86)\Stoo. Stoo.exe ipo, na stoo.mdb ipo kando yake. Ila stoo.mdb ilikuwa na megabaiti moja na kidogo tu, na tarehe ya kubadilishwa ilikuwa ya mwaka 2019, siku programu ilipoinstoliwa. Duka linalouza kila siku haliwezi kuwa na faili la data lililogandia 2019. Hapo unajua kwamba faili hilo halitumiki, hata kama liko kwenye folda ya programu.

Njia ninayoiamini ya kulipata faili la kweli ni kuifanya programu iandike kitu, kisha kuuliza diski nini kimebadilika. Nilimwomba binti aingie kwa akaunti yake ya Duka, aongeze bidhaa mpya iitwayo JARIBIO, ahifadhi, kisha aifunge programu. Kuifunga ni muhimu, maana faili likiwa bado limeshikwa na programu, tarehe yake kwenye orodha inaweza kuchelewa kubadilika mpaka liachiwe. Baada ya hapo, nikiwa bado ndani ya akaunti ya Duka, nikafungua PowerShell na kuandika:

```
$tangu = (Get-Date).AddMinutes(-10)
Get-ChildItem $env:LOCALAPPDATA, $env:APPDATA, $env:ProgramData `
  -Recurse -File -Force -ErrorAction SilentlyContinue |
  Where-Object LastWriteTime -gt $tangu |
  Select-Object LastWriteTime, Length, FullName
```

Amri hii inapita kwenye folda tatu ambazo programu nyingi za Windows hupenda kuficha vitu vyao, na inatoa mafaili yaliyoguswa ndani ya dakika kumi zilizopita. Neno -Force linahitajika ili mafaili na folda zilizofichwa nazo zisomwe. Utapata takataka nyingi za brauza na za Windows yenyewe. Zipite tu, tafuta kinachofanana na programu yako. Kama hakuna, rudia amri hiyo ukiweka C:\ mahali pa zile folda tatu, kisha uwe na subira, hasa kwenye diski ya kuzunguka.

Kwenye mashine hii halikufichika. Mstari mmoja ulisema:

```
C:\Users\Duka\AppData\Local\VirtualStore\Program Files (x86)\Stoo\stoo.mdb
```

Megabaiti 86, tarehe ya leo, dakika ile ile binti alipohifadhi JARIBIO.

Angalia ile njia vizuri. Ndani ya folda ya mtumiaji mna VirtualStore, na ndani ya VirtualStore mna Program Files (x86) nyingine, na ndani yake Stoo nyingine. Haikuundwa na aliyeandika programu, na inawezekana kabisa hajui kama ipo. Imeundwa na Windows.

Zamani za Windows XP, karibu kila mtu aliingia kwenye kompyuta yake akiwa na mamlaka yote, na waandishi wa programu walizoea kuweka data kando ya programu, ndani ya Program Files. Ilipokuja Windows Vista mwaka 2007, mlango huo ukafungwa: mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika ndani ya Program Files. Sasa zile programu zote za zamani zingekufa siku hiyo hiyo. Ili zisife, Windows ikawekewa utaratibu wa kuzielekeza kimyakimya. Programu inaposema "nataka kuandika kwenye stoo.mdb ndani ya Program Files", Windows inachukua nakala ya faili hilo, inaiweka kwenye VirtualStore ya mtumiaji aliyeingia, na kuanzia hapo programu inasoma na kuandika kwenye nakala hiyo. Programu yenyewe haina habari. Inaamini bado iko Program Files.

File Explorer, ile unayoitumia kufungua folda, haielekezwi. Yenyewe inakuonyesha kilichoko Program Files kweli, yaani lile faili la 2019. Kwa hiyo wewe na programu mnatazama njia moja, na kila mmoja anaona faili lake.

Utaratibu huu hauigusi kila programu. Unahusu zile za biti 32 ambazo hazina maelezo ya ndani yanayoitambulisha Windows kuwa zimeandikwa kwa zama za baada ya Vista. Programu ya biti 64 ikinyimwa ruhusa inapata kosa tu, haielekezwi. Na ukitaka kujua kama programu uliyonayo imo kwenye kundi hili, iache ikiwa wazi, fungua Task Manager, nenda Details, bofya kulia kwenye vichwa vya safu, chagua Select columns na uweke alama kwenye UAC virtualization. Stoo.exe ikiwa na neno Enabled, nenda moja kwa moja VirtualStore.

Sasa turudi kwa yule fundi wa kwanza, maana naye aliona alichokiona. Aliifungua programu kwa kubofya kulia na kuchagua Run as administrator, kama mafundi wengi tulivyozoea. Programu ikifunguliwa hivyo inapata mamlaka kamili, haielekezwi tena, na inasoma lile faili la Program Files. Akakuta duka tupu. Programu hiyo hiyo, mashine hiyo hiyo, na jibu tofauti kabisa. Kwa hiyo unapotafuta data ya programu ya zamani, ifungue kama mwenyewe anavyoifungua kila siku, kwa akaunti yake na kwa njia yake ya mkato.

Kama VirtualStore ni ya kila mtumiaji, basi akaunti ya Bosi nayo lazima iwe na yake. Kabla sijakopi chochote nilifungua Command Prompt kwa mamlaka ya administreta, ili iweze kuingia kwenye folda za watumiaji wote, nikatafuta mafaili yote ya aina hiyo:

```
dir C:\*.mdb /s /a
```

Zikatoka stoo.mdb tatu. Ya Program Files, tupu, ya 2019. Ya Duka, megabaiti 86, ya leo. Na ya Bosi, ndogo kidogo kuliko megabaiti mbili, imeguswa mara ya mwisho jioni iliyotangulia.

Nilipomweleza Mzee habari ya faili la tatu, alinyamaza kwanza, kisha akamwita binti.

"Mwanangu, zile bei za nondo nilizokuwa nakwambia nimebadilisha, wewe ulikuwa unaziona?"

"Sijawahi kuziona, Mzee. Nilikuwa nakuuliza, unasema umeshaingiza."

Hilo lilikuwa limeleta maneno kati yao kwa muda mrefu. Mzee aliingia jioni kwa akaunti ya Bosi, akapandisha bei ya nondo ya milimita 12, akahifadhi. Kesho yake binti anauza kwa bei ya zamani, Mzee anaona kadharauliwa. Kumbe kila mmoja alikuwa na daftari lake. Bei za Mzee zilikuwa zinaandikwa kwenye faili la Bosi, ambalo kaunta haikuwahi kulisoma. Alimwomba binti radhi pale pale, mbele yangu, na binti akajibu, "Yameisha, Mzee."

Kwa upande wa kazi, hilo lilimaanisha mafaili yote matatu yakopiwe. Nisingeamua kwa niaba yao kwamba la Bosi halina maana.

Kabla ya kukopi, programu ifungwe kwenye akaunti zote mbili. Watu husahau kwamba kwenye Windows unaweza kubadilisha mtumiaji bila ya yule wa kwanza kutoka, na programu yake ikaendelea kukimbia nyuma. Kwa data ya Access kuna alama nzuri ya kukuonyesha: faili likiwa limefunguliwa, kando yake hutokea lingine lenye jina lile lile na mwisho wa .ldb. Likifungwa vizuri, .ldb hupotea. Ukiona stoo.ldb bado ipo, kuna mtu hajatoka, au programu iliwahi kuzimika ghafla ikaiacha. Restati mashine, usifungue programu, kisha angalia tena: ikiwa bado ipo, ni mabaki ya kuzimika huko. Kukopi faili la data lililo katikati ya kuandikwa kunaweza kukupa nakala isiyofunguka, na hutajua mpaka siku ya kuihitaji.

Kukopi nilitumia robocopy, kwa sababu mwishoni inatoa hesabu ya kilichoshindikana:

```
robocopy "C:\Users\Duka\AppData\Local\VirtualStore" "E:\Akiba\Duka" /E /R:1 /W:1
robocopy "C:\Users\Bosi\AppData\Local\VirtualStore" "E:\Akiba\Bosi" /E /R:1 /W:1
robocopy "C:\Program Files (x86)\Stoo" "E:\Akiba\Programu" /E /R:1 /W:1
```

Zile /R:1 na /W:1 usiziache. Bila hizo, robocopy ikikutana na faili lililoshikwa itajaribu tena mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara, nawe utadhani mashine imeganda. Ikimaliza, tazama safu ya FAILED. Iwe sifuri kwenye mafaili na kwenye folda.

Nilichukua VirtualStore nzima na si folda ya Stoo peke yake. Ni ndogo, na mara nyingi ndani yake hukutwa mabaki ya programu nyingine ambazo mwenye mashine amezisahau. Hapa kulikuwa na faili la setingi la programu ya printa ya risiti, ambalo lilituokolea kazi baadaye.

Hadi hapo data ilikuwa salama, lakini setingi bado. Programu ya Visual Basic 6 ina tabia moja inayojulikana: mwandishi akitumia njia ya kawaida ya lugha hiyo kuhifadhi setingi, haziendi kwenye faili lolote. Zinaenda kwenye rejistri ya Windows, mahali pamoja siku zote, chini ya HKEY_CURRENT_USER\Software\VB and VBA Program Settings. Nikiwa kwenye akaunti ya Duka nilifungua regedit, nikaenda hapo, na folda ya Stoo ilikuwepo. Ndani yake jina la duka linalochapwa juu ya risiti, jina la printa, na kitu ambacho ningekipoteza kingeleta balaa: namba ya risiti ya mwisho. Programu ikianza tena kutoa risiti kutoka namba 1 wakati makabati yamejaa risiti za namba hizo hizo, siku mteja akirudisha mali hutajua ni risiti ipi.

```
reg export "HKCU\Software\VB and VBA Program Settings\Stoo" E:\Akiba\stoo-duka.reg
```

Amri hii iandikwe ndani ya akaunti ya Duka, kwenye Command Prompt ya kawaida. Herufi HKCU maana yake ni rejistri ya yule anayeendesha amri. Ukibofya Run as administrator na kuweka nywila ya Bosi, dirisha linakuwa la Bosi, na utahifadhi setingi za Bosi ukiamini ni za Duka. Faili litatengenezwa, halitakuwa na kosa lolote, na litakuwa si lako. Baada ya kuhifadhi, lifungue kwa Notepad usome kilichomo. Mimi nilitafuta namba ya risiti nikailinganisha na risiti ya karatasi ya asubuhi. Zikalingana. Kisha nikaingia Bosi na kufanya vivyo hivyo.

Kuna programu ambazo zilitaka kuandika kwenye sehemu ya rejistri ya mashine nzima na Windows ikazielekeza kama inavyoelekeza mafaili. Hizo ziko HKCU\Software\Classes\VirtualStore. Ukikuta jina la programu yako humo, hifadhi na hiyo kwa amri hiyo hiyo.

Nakala ambayo haijafunguliwa sehemu nyingine siihesabu kuwa nakala. Nilichukua laptopu yangu, nikainstoli Stoo kutoka kwenye CD ya Mzee, ambayo kwa bahati alikuwa ameihifadhi kwenye droo pamoja na karatasi ya namba ya leseni. Nikaweka stoo.mdb ya Duka, nikaingiza faili la .reg, nikafungua programu na kumpa binti. Akatafuta mauzo ya asubuhi ile, akayaona. Akatafuta JARIBIO, ipo. Akafungua deni la fundi mmoja wa Chumbageni analolikumbuka kwa kichwa, kiasi kikawa sawa. Hapo ndipo nilipofungua kasha la mashine.

Sikufomati diski ya zamani. Niliitoa, nikaweka SSD mpya, na ile ya zamani Mzee akaifungia kabatini. Ukiweza kulifanya hilo lifanye, maana hata uwe makini vipi, kuna kitu mtu atakikumbuka wiki ijayo.

Wakati wa kurudisha, ungeweza kuinstoli Stoo tena ndani ya Program Files na kuiweka stoo.mdb kwenye VirtualStore ya Duka, mambo yakaendelea kama zamani, pamoja na ule ugomvi wa bei. Mimi niliiinstoli kwenye C:\Stoo. Folda iliyoundwa moja kwa moja chini ya C:\ haiko kwenye ulinzi ule wa Program Files. Kwa mpangilio wa kawaida wa Windows, kila mtumiaji aliyeingia anaruhusiwa kuandika ndani yake. Windows haina sababu ya kuelekeza kitu, na faili linabaki moja, pale linapoonekana. Hilo linawezekana tu kama programu inalitafuta faili la data kando yake yenyewe. Kuna nyingine zimeandikiwa njia ya C:\Program Files ndani kwa ndani, na hizo hazitakubali kuhama. Kwa hizo utalazimika kuipa folda yake ya Program Files ruhusa ya kuandikwa na watumiaji, na kuhakikisha hakuna nakala iliyobaki kwenye VirtualStore ya yeyote, kwa sababu nakala ikiwepo huko, programu itaisoma hiyo kwanza na kulipuuza faili uliloliweka.

Kasoro iliyobaki ni ile namba ya risiti. Faili la data sasa ni moja, lakini rejistri bado ni ya kila akaunti, kwa hiyo Mzee na binti wakitoa risiti kila mmoja kwa akaunti yake, namba zitagongana. Programu haiwezi kubadilishwa, aliyeiandika hapatikani. Tulikubaliana Stoo itumike ndani ya akaunti ya Duka tu. Ndani ya programu kila mmoja ana nywila yake, hivyo Mzee hajapoteza mamlaka yake. Bei alizokuwa ameingiza kwenye faili la Bosi zilichapwa kutoka kwenye laptopu yangu, na wakaziingiza upya wawili, yeye akisoma na binti akiandika. Kuunganisha mafaili mawili ya namna hiyo kwa amri sikupendekeza. Bidhaa ile ile ilikuwa na namba tofauti kwenye kila faili, na kosa moja lingevuruga stoo nzima.

Najua wapo watakaosoma haya wakiwa wameshapiga Windows. Kwanza acha kuitumia mashine kadiri unavyoweza. Kama wakati wa kuinstoli hukufomati ila uliweka Windows juu ya ile ya zamani, tafuta C:\Windows.old. Ndani yake mna Users, na ndani ya Users mna folda ya mtumiaji wako pamoja na AppData\Local\VirtualStore yake nzima. Usichelewe, kwa sababu Windows huifuta folda hiyo yenyewe baada ya muda, mara nyingi siku 10. Na kama diski ya zamani ipo kando, ichomeke kwa kasha la USB, njia ni ile ile ikianza na herufi ya diski hiyo. Windows ikisema huna ruhusa ya kufungua folda, bofya Continue ukiwa administreta.

Setingi za rejistri nazo zinapatikana humo. Rejistri ya mtumiaji ni faili liitwalo NTUSER.DAT ndani ya folda yake. Kwenye Command Prompt ya administreta unaipakia kwa jina la muda, unatoa unachotaka, unaishusha, hapa E: ikiwa ni diski ya zamani:

```
mkdir C:\Akiba
reg load HKU\Zamani "E:\Users\Duka\NTUSER.DAT"
reg export "HKU\Zamani\Software\VB and VBA Program Settings\Stoo" C:\Akiba\stoo.reg
reg unload HKU\Zamani
```

Kisha fungua stoo.reg kwa Notepad, kila palipoandikwa HKEY_USERS\Zamani weka HKEY_CURRENT_USER, hifadhi, na uliingize ukiwa kwenye akaunti ya Duka. Kama diski ilifomatiwa na haina Windows.old, hapo umeingia kwenye kazi nyingine, ya programu za kuokoa mafaili yaliyofutwa. Kwenye diski ya kuzunguka bado kuna matumaini. Kwenye SSD ni madogo sana, kwa sababu Windows ikifomati huiarifu SSD kwamba nafasi ile haina kitu, nayo huisafisha.

Jioni ya kukabidhi kazi, binti aliuza kilo mbili za misumari ya inchi nne, risiti ikatoka na namba inayofuatia ile ya asubuhi ya mwisho kwenye diski ya zamani. Nikafunga programu, nikaenda AppData\Local\VirtualStore ya Duka kwenye SSD mpya, haikuwa na folda ya Stoo. Nikaenda C:\Stoo, stoo.mdb ilikuwa na saa ya dakika ile ile.